Kumwachia Mwenzako Zahanati: Hati ya Makabidhiano Kabla ya Likizo, kwa Mfano wa Migwani

Nesi anayesimamia zahanati ndogo kando ya barabara ya Migwani, kaunti ya Kitui, amepata likizo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 28, inampa kila mwajiriwa aliyetimiza miezi 12 kazini angalau siku 21 za kazi za likizo yenye malipo, na yeye ameomba 15 kati ya zake. Ombi limepitishwa. Atakayeshika zamu yake anatoka Kilifi, amehamishiwa huku hivi karibuni. Kazi anaijua vizuri, ila Kikamba hakijui kabisa. Hajui friji ya chanjo huanza kupata joto wapi, hajui ufunguo wa kabati la dawa unawekwa na nani, wala hajui ni mto upi wa mchanga hujaa maji mvua za vuli zinapoanza.

Nesi huyu ni wa mfano, lakini zahanati za namna yake ni nyingi Kitui na Makueni: chumba cha chanjo, chumba cha wajawazito, watumishi wawili au watatu, mlinzi, na kamati ya wanakijiji. Mtu mmoja akiondoka, nusu ya kumbukumbu ya kituo inaondoka naye. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuiacha kumbukumbu hiyo kwenye karatasi mbili au tatu ambazo mwenzako ataweza kuzitumia saa ile ile anapozihitaji. Ukifanya kazi ofisi ya chifu, shuleni au kwenye chama cha akiba, badilisha mifano na uache mpangilio.

Kwanza, kwa nini maneno ya mdomo hayatoshi

Makabidhiano mengi hufanyika mlangoni. Anayeondoka ana mkoba mkononi, anayepokea anaitikia "sawa, sawa", na baada ya siku tatu simu inaanza kulia. Tatizo si uvivu wa yeyote. Mtu aliyekaa mahali miaka mitano hajui tena ni mambo gani anayoyajua yeye peke yake; kwake yamekuwa ya kawaida mno hata hayaji akilini anapoulizwa.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2014 jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali tisa za watoto za Marekani na Kanada, ambako madaktari walifundishwa kukabidhiana wagonjwa kwa mpangilio mmoja, wa maandishi na wa mdomo. Makosa ya kitabibu yalipungua kwa asilimia 23, na madhara ambayo yangeweza kuzuilika yakapungua kwa asilimia 30. Mpangilio ule una sehemu ambayo huku kwetu huachwa mara nyingi: mpokeaji hurudia kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa, kabla anayekabidhi hajaondoka. Tutairudia hatua hiyo, kwa sababu bila yake hati nzuri inaweza kusomwa vibaya.

Andika kwa lugha atakayofanyia kazi mwenzako

Fomu za Wizara ya Afya zimeandikwa kwa Kiingereza, na mazoea ya ofisini huvuta kila barua huko. Lakini nesi wa Migwani na mwenzake wa Kilifi huzungumza Kiswahili kutwa nzima. Hati ikiandikwa kwa lugha hiyo itasomwa haraka, na mlinzi au karani ataweza kuisoma pia usiku nesi akiwa ameshughulika na mama anayejifungua. Majina ya dawa na ya fomu yaache kama yalivyo kwenye lebo na kwenye jalada, maana ndivyo yatakavyotafutwa kabatini.

Kuna mtego mmoja mkubwa katika kuandika hivi, nao ni saa. Ukiandika "sindano ya pili saa 8", mwenzako aliyezoea fomu za Kiingereza anaweza kusoma saa mbili asubuhi, nawe ulikusudia saa nane mchana. Tofauti ni saa sita, na kwa dawa inayotolewa kwa saa ni kosa zito. Andika kila mara sehemu ya siku, na kando yake saa ya fomu: *saa 8 mchana, 14:00*. Hata kama unahisi ni kupoteza wino, andika.

Lugha ya wagonjwa ni jambo la pili. Wazee wengi wanaokuja kituoni watajieleza kwa Kikamba. Hati iseme nani atamtafsiria mwenzako: pengine ni karani asubuhi, na mhudumu wa afya ya jamii siku za kliniki. Iseme pia nani asitafsiri. Mtoto wa mgonjwa, jirani yake au mteja mwingine kwenye foleni hafai mazungumzo yanapohusu ujauzito, virusi vya ukimwi au ugomvi wa nyumbani.

Anza wiki mbili kabla

Hati nzuri haiandikwi jioni ya mwisho. Weka daftari dogo mfukoni siku kumi za kazi kabla ya kuondoka. Kila unapofanya jambo ambalo mgeni asingelijua, liandike papo hapo, hata kwa maneno matatu: "kitasa cha stoo, vuta juu". "Mama wa kliniki, Alhamisi wanachelewa, gari." "Boksi la mita ya umeme liko nyuma." Mwisho wa siku hizo utakuwa na orodha ambayo usingeweza kuitunga umekaa kitini.

Kisha uifuate kalenda, siyo kazi. Chukua tarehe zote utakazokuwa nje na uulize kila siku ina nini. Nesi wetu anaondoka Jumatatu tarehe 3 Novemba na kurudi Jumatatu tarehe 24. Alipopitia kalenda alikuta jambo ambalo lingemponyoka: ripoti za mwezi wa Oktoba zinatakiwa zifike kwa afisa wa rekodi za afya wa kaunti ndogo kufikia tarehe 5 Novemba, yaani siku yake ya tatu ya likizo. Huyo afisa ndiye huziingiza katika mfumo wa KHIS. Ripoti ya chanjo, fomu MOH 710, hujumlishwa kutoka daftari la chanjo ambalo lina alama na vifupisho vya mkono wake mwenyewe. Kumwachia mgeni ajumlishe mwezi ambao hakuwepo ni kutafuta takwimu za uongo bila mtu yeyote kukusudia.

Kwa hiyo aligawa kazi mara tatu, nawe gawa hivyo hivyo:

1. Zinazomalizwa kabla ya kuondoka. Ripoti za Oktoba: daftari lifungwe Ijumaa tarehe 31 jioni, fomu zijazwe, nakala ibaki kwenye faili, na iliyosainiwa ipelekwe.
2. Zinazoendelea bila kusimama. Friji, kliniki, dawa za kila siku. Hizi ndizo zinazohitaji maelezo marefu.
3. Zinazosubiri kurudi kwako. Zitaje waziwazi, useme "hii usiishughulikie", pamoja na cheo cha mtu wa kumpigia mtu akiiulizia. Kazi isiyotajwa humsumbua mwenzako sawa na aliyoachiwa.

Friji ya chanjo

Katika zahanati, kitu kinachoweza kuharibika kimya kimya bila mgonjwa kulia ni chanjo. Ndiyo maana friji inapewa nafasi kubwa kuliko kitu kingine chochote kwenye hati, na ndiyo sehemu itakayoonyesha kama umeandika kwa ajili ya mwenzako au kwa ajili ya faili.

Joto linalotakiwa ni kati ya nyuzi 2 na 8 za selsiasi. Husomwa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, na huandikwa kwenye chati iliyobandikwa mlangoni. Hayo mwenzako anayajua tangu chuoni. Asichokijua ni tabia ya friji yako. Je, swichi yake ukutani inatumiwa pia kuchajia simu? Kidude cha kurekebisha joto kikizungushwa kwenye namba kubwa, baridi inazidi au inapungua? Katika friji nyingi namba kubwa ni baridi zaidi, na mgeni anayedhani kinyume chake anaweza kugandisha chanjo zote akiwa na nia njema ya kuzipasha joto kidogo.

Kugandisha ni hatari ambayo watu huisahau kwa kuhofia joto. Penta, ile ya nimonia na ya pepopunda huharibika zikiganda, na zikiyeyuka tena huwezi kuona kasoro kwa kuzitazama juu juu. Alama ya kichupani inayobadilika rangi, ule mraba ndani ya duara, huonyesha joto lililozidi tu. Haionyeshi kuganda. Mwenzako akiona mraba ungali mweupe na akaridhika, huku usiku friji ilishuka chini ya sifuri, watoto watachomwa maji yasiyokinga kitu.

Kosa la kawaida kabisa hutokea baada ya umeme kurudi. Mtu anaona friji imepanda hadi nyuzi 10, anaongeza baridi ili ishuke haraka, anaenda nyumbani. Alfajiri imefika chini ya sifuri. Shirika la Afya Duniani linaonya juu ya jambo hili hasa: kidude hakiguswi kwa sababu ya umeme kukatika wala kwa sababu chanjo mpya zimeingizwa. Friji iachwe ishuke yenyewe. Nawe pia usikiguse siku chache kabla ya likizo, ili mwenzako apokee friji iliyotulia.

Hivi ndivyo ukurasa wa friji wa nesi wetu ulivyosomeka. Tazama jinsi kila mstari unavyoanza na kitu kinachoonekana kwa macho:

> FRIJI YA CHANJO
>
> *Sista, soma joto saa 2 asubuhi (08:00) na saa 10 jioni (16:00). Jumamosi na Jumapili mlinzi anafungua, karani anasoma, anakutumia ujumbe. Nimemfundisha, nimemwona akisoma mara mbili.*
>
> *Ikiwa 2 hadi 8: andika, weka saini.*
>
> *Ikiwa zaidi ya 8: tazama swichi ya ukutani, kisha taa ya friji, kisha mpira wa mlango. Usifungue mlango tena. Usiguse kidude. Umeme ukiwa umekatika, piga \*977# uripoti. Namba ya mita imebandikwa ubavuni mwa friji. Mpigie mratibu wa chanjo mapema, usingoje jioni.*
>
> *Ikiwa chini ya 2: rudisha kidude nyuma nusu hatua tu (kwenye friji hii namba ndogo ni joto zaidi). Penta, nimonia na pepopunda zisitumiwe mpaka mratibu aseme.*
>
> *Kipimajoto cha kidijitali kikiwa na alama ya onyo: usiizime kabla hujaandika tarehe na muda.*
>
> *Chanjo ukizitilia shaka: zifunge kwenye mfuko, andika "USITUMIE", ziache ndani ya baridi. Usitupe chochote kabla ya kupiga simu.*
>
> *Boksi baridi liko juu ya kabati la stoo. Barafu nne ziko kwenye jokofu. Zitoe nje kwanza mpaka ukizitikisa usikie maji, ndipo upange. Zikiwa kavu zitagandisha chanjo. Mahali pa kupeleka: Hospitali ya Migwani, chumba cha chanjo. Pikipiki: namba ya tatu kwenye orodha.*

Hakuna sentensi hapo inayosema "hakikisha friji iko salama". Sentensi ya namna hiyo haimwambii mtu aliyesimama mbele ya friji la kufanya. Kila agizo lina dalili, hatua na mtu wa kupigiwa. Tena lina mpaka: mambo mawili ambayo mwenzako haruhusiwi kuamua peke yake, yaani kutupa chanjo na kuzitumia zikiwa na shaka.

Friji yako ikiwa ya gesi, ongeza tarehe mtungi wa sasa ulipofungwa, mahali mtungi wa akiba ulipo, na rangi ya mwali inayotakiwa, ambayo ni buluu. Ikiwa ya sola isiyo na betri, andika tu kwamba hairekebishwi na mtumiaji na paneli zisitundikiwe nguo.

Wanaotarajiwa

Daftari linaonyesha waliokuja. Likizo inahitaji orodha ya wanaopaswa kuja. Andaa karatasi moja yenye makundi matatu: wajawazito wanaokaribia kujifungua katika kipindi hicho, watoto ambao tarehe zao zinaangukia humo (wiki 6, wiki 10, wiki 14, miezi 9 na miezi 18), na wale waliokosa.

Kundi la tatu ndilo hupotea. Katikati ya mwaka 2025 Kenya ilipata uhaba wa chanjo za BCG na polio, na kina mama wengi walirudishwa nyumbani na vitoto vichanga. Zahanati iliyoandika majina yao pembeni iliweza kuwaita chanjo zilipofika. Iliyowaambia "rudini wiki ijayo" iliwategemea wao wakumbuke. Kama una orodha ya namna hiyo haijaisha, iweke ukurasa wa mbele, ukionyesha nani kaitwa na nani bado.

Eleza pia desturi ya kichupa cha surua. Kikishachanganywa hakiruhusiwi kukaa zaidi ya saa sita, hivyo vituo vingi huwapangia watoto siku maalumu ili dozi zisimwagwe. Ikiwa kijijini wanajua kuwa siku yenu ni Jumanne, mwenzako ajue. Na akija mama kutoka mbali Ijumaa, aliyeteremka matatu na mtoto mgongoni, ajue umeamua nini juu yake. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kufungua kichupa hata kwa mtoto mmoja, kwa kuwa mtoto aliyerudishwa huenda asirudi. Liandike uamuzi, usimwachie mgeni aonekane mkali au mpotevu mbele ya watu asiowajua.

Jina la mgonjwa lisiandikwe kwenye hati inayopigwa picha na kutumwa kwa simu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na hali ya virusi vya ukimwi ina sheria yake tangu 2006. Tumia namba ya daftari: "ANC 214, anatarajiwa kati ya tarehe 10 na 17, alipasuliwa ujauzito wa kwanza, asijifungulie hapa, apelekwe Mwingi mapema." Karatasi yenye majina ibaki kabatini, chini ya ufunguo.

Mstari ule wa ANC 214 una habari tatu na maagizo mawili. Ungeandika "kesi ya hatari" tu, mwenzako angelazimika kupekua faili usiku, kwa tochi, mama akiwa tayari na uchungu.

Dharura za mahali hapa

Nesi wa pwani anajua dharura za pwani. Huku ziongezwe mbili.

Ya kwanza ni nyoka. Kitui ni kati ya kaunti za Kenya zinazojulikana kwa watu kuumwa na nyoka, na msimu wa kulima huwapeleka watu shambani alfajiri na jioni. Zahanati nyingi hazina dawa ya sumu. Usiandike "mpeleke hospitali". Piga simu wiki yako ya mwisho, uulize Migwani na Mwingi dawa iko wapi kwa sasa, na uandike jibu pamoja na tarehe ya kuuliza, kwa sababu akiba hubadilika. Chini yake weka mistari miwili: mkono au mguu ufungwe usitikisike kama uliovunjika, mgonjwa asitembee, asikatwe kwa wembe, asifungwe kamba ya kuzuia damu.

Ya pili ni mito ya msimu. Novemba ni katikati ya vuli, mvua ambazo wakulima wa Ukambani huzitegemea zaidi ya zile za masika. Korongo lililokuwa mchanga mtupu asubuhi linaweza kujaa saa moja baada ya mvua kunyesha mbali, juu milimani, kituoni kukiwa na jua. Taja ni vijiji vipi hukatika, kwenye kivuko kipi, na mhudumu wa afya ya jamii wa upande ule. Kliniki ya nje ya kituo ikiangukia siku ya mvua, sema nani ana mamlaka ya kuiahirisha na kina mama wataarifiwa vipi.

Namba za simu

Orodha ndefu ya simu haimsaidii mtu mwenye haraka. Panga kwa tatizo, wala si kwa cheo, na kwa kila tatizo la haraka weka watu wawili, maana mmoja anaweza kuwa hana mtandao.

> NIMPIGIE NANI?
>
> *Chanjo na friji: mratibu wa chanjo wa kaunti ndogo, akikosekana, nesi wa chumba cha chanjo, Hospitali ya Migwani.*
>
> *Mama wa kupelekwa usiku: zamu ya wodi ya wazazi, Mwingi, kwanza ili wajiandae, kisha gari la wagonjwa la kaunti. Lisipopatikana, Msalaba Mwekundu, 1199.*
>
> *Pikipiki ya haraka: wa stendi (anapokea hata usiku), wa kanisani (mchana tu).*
>
> *Dawa zikiisha: mfamasia wa kaunti ndogo. Mpigie zikibaki za wiki mbili, usingoje ziishe.*
>
> *Ripoti: afisa wa rekodi. Hupatikana zaidi asubuhi.*
>
> *Maji, ua, ugomvi na majirani: mwenyekiti wa kamati ya zahanati. Mwite "Mzee", mtembelee siku ya kwanza, usianze na simu.*
>
> *Mimi: saa 1 hadi saa 2 usiku tu. Kwa mambo ya mgonjwa mpigie afisa wa zamu, si mimi.*

Kabla ya kuchapisha au kunakili, piga kila namba. Kila moja. Mwambie anayepokea kwamba kuanzia tarehe fulani atapigiwa na mtu mwingine, na umpe jina lake. Simu hiyo ya dakika moja humwondolea mwenzako adha ya kujieleza kwa mtu asiyemjua huku damu inamwagika.

Saa zako mwenyewe ziwe na kikomo. Ukisema "nipigie wakati wowote", utapigiwa juu ya ufunguo wa choo, na mwenzako hatajenga uhusiano na wale wenye mamlaka halisi kipindi hicho.

Funguo, akaunti na pesa

Hapa pawe pafupi. Funguo zihesabiwe mbele ya mtu wa tatu na zisainiwe. Dawa zihesabiwe pamoja, mkilinganisha rafu na kadi za stoo. Tofauti ikionekana iandikwe siku hiyo, isije ikamwangukia mpokeaji baadaye. Pesa za kituo, hata ziwe kidogo, zikabidhiwe kwa maandishi.

Nywila haiandikwi kwenye hati, na haitolewi kwa mdomo. Kila mfumo, iwe wa ripoti au wa madai ya bima ya SHA, unamhesabu mwenye akaunti kuwa ndiye aliyetenda. Omba akaunti ya mwenzako ifunguliwe wiki mbili kabla, na siku ya makabidhiano aingie mbele yako. Ikigoma, utajua ungali pale.

Makosa yanayojirudia

*Kuandika historia badala ya hali ilivyo.* Mwenzako hahitaji kujua friji ililetwa lini na nani aliigombania. Anahitaji kujua leo ina hali gani na kesho afanye nini.

*Kuficha aibu.* Ripoti iliyochelewa, dawa zilizopitwa na wakati stoo, malalamiko ya mgonjwa: yaandike. Mwenzako atayagundua siku ya pili, tena mbele za watu, na akifikiri ulimficha hataamini na mengine uliyoandika.

*Kupeana kazi bila mamlaka.* Umemwambia aagize dawa, lakini saini inayotambuliwa ni yako. Barua ya kumkaimisha kutoka kwa nesi msimamizi wa kaunti ndogo iambatishwe kwenye hati, na nakala ifike kwa kamati ya zahanati.

*Kutuma kwa simu tu.* Simu huisha chaji. Nakala ya karatasi ikae mezani, ukurasa wa friji ubandikwe kwenye friji yenyewe.

Siku ya makabidhiano

Tenga nusu siku, watu wawili mkiwa kituoni pamoja, na mfuate utaratibu huu:

1. Asome hati yote peke yake kwanza, akiweka alama pasipoeleweka. Usimsomee.
2. Mzunguke vyumba mkiwa na hati mkononi. Akute kila kitu kilichotajwa: boksi baridi, mita ya umeme, faili la rufaa.
3. Asome joto la friji yeye, aandike yeye.
4. Umuulize maswali matatu ya "ingekuwaje": umeme umekatika Ijumaa saa 11 jioni, unafanya nini? Mama wa ANC 214 amekuja usiku na mto umejaa? Mtu wa kamati anataka ufunguo wa stoo? Ajibu kwa maneno yake. Akikwama, kosa ni la hati. Isahihishe pale pale kwa kalamu.
5. Mtembee hadi kwa mwenyekiti wa kamati na kwa wahudumu wa afya ya jamii walio karibu, umtambulishe.
6. Msaini wote wawili, tarehe na saa, nakala tatu: yake, ya faili, ya kaunti ndogo.

> KABLA HUJAFUNGA MKOBA
>
> ☐ Ripoti za mwezi zimepelekwa, nakala ipo
> ☐ Ukurasa wa friji umebandikwa
> ☐ Namba zote zimepigwa
> ☐ Saa zote zina sehemu ya siku
> ☐ Hakuna jina la mgonjwa kwenye nakala ya simu
> ☐ Barua ya kukaimu imesainiwa
> ☐ Kazi zinazosubiri zimetajwa
> ☐ Mwenzako ameingia kwenye mifumo kwa akaunti yake

Acha pia kurasa mbili tupu nyuma ya hati, zenye safu tatu: tarehe, kilichotokea, kilichofanyika. Mwenzako ajaze kila siku, hata mstari mmoja. Jumatatu tarehe 24 Novemba, nesi wetu atakaporudi, makabidhiano yatageuka upande: atasoma kurasa hizo kabla ya kumwona mgonjwa wa kwanza, atatazama chati ya joto la siku zote alizokuwa nje, watahesabu tena dawa pamoja, na yale aliyopigiwa simu kuyauliza wiki hizo tatu atayaongeza kwenye hati ya likizo ijayo.